Barkodi Iliyoingia Kwenye Idadi

Skana ya kaunta, kwa kompyuta, ni kibodi tu. Inaandika tarakimu palipo na kishale, kisha inabonyeza kitufe cha kuingiza. Keshia akiwa amefungua kisanduku cha idadi ili aandike 2, halafu mkono wake ukapitisha pakiti ya pili mbele ya skana, barkodi nzima huingia kama idadi. Mteja anakuwa amenunua pakiti 6,201,234,567,893 za sabuni. Kwa bei ya shilingi 2,500, hayo ni mauzo ya zaidi ya shilingi trilioni 15,000.

Keshia hushtuka, akaghairi. Mifumo mingi ya mauzo haifuti mstari. Inaongeza wa pili wenye idadi ileile ikiwa hasi. Jumla ya siku inarudi sawasawa, na meneja anayetazama jumla peke yake haoni kitu. Ndiyo maana ukaguzi wa usiku lazima upite mstari kwa mstari:

```sql
SELECT risiti, bidhaa, idadi, bei
FROM mauzo
WHERE siku = CURRENT_DATE - 1
  AND (idadi > 500 OR bei <= 0
   OR (idadi < 0 AND risiti_ya_awali IS NULL));
```

Hoja hii huendeshwa baada ya saa sita usiku. Sharti la mwisho linaruhusu marejesho halali: idadi hasi inakubalika ikiwa inataja risiti ya manunuzi ya kwanza. Kikomo cha 500 ni cha kuanzia tu. Duka linalouza soda kwa jumla litakipita kihalali, kwa hiyo kila bidhaa inahitaji kikomo chake.

Hatari kubwa iko kwenye kinachofuata. Wengi huandika kanuni ya kufuta kila idadi hasi. Katika kisa chetu kanuni hiyo inaondoa mstari wa kughairi na kuacha ule wa matrilioni, na ripoti iliyokuwa sahihi inaharibika. Mimi nasisitiza: tafuta kwanza jozi, yaani risiti moja, bidhaa moja, idadi zinazofutana. Jozi ikipatikana, mistari yote miwili iwekewe alama ili wastani wa mauzo usiihesabu. Mstari usio na mwenzake uhamishiwe jedwali la kusubiri, ukiwa na thamani yake ya asili, hadi mtu aitazame risiti.

Kuthibitisha kwamba ni barkodi ni rahisi: linganisha idadi na barkodi zilizo kwenye orodha ya bidhaa. Pakiti ikiwa mpya, haimo kwenye orodha, tumia tarakimu ya 13, ambayo ni ya uhakiki. Jumlisha tarakimu, zile za nafasi shufwa zikizidishwa kwa 3. Hapa unapata 110, inayogawanyika kwa 10 bila baki. Nambari ya kubahatisha nayo hupita mara moja katika kumi, basi kipimo hiki kiungane na urefu wa tarakimu 13.

Barkodi fupi za tarakimu 8 hukaguliwa vivyo hivyo, ila kuzidisha kwa 3 huanzia nafasi ya kwanza.