Hati Safi Haisemi Hela Zipo

Kila Aprili, ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inapowasilishwa bungeni Dodoma, halmashauri zilizopata hati safi hushangilia, na zenye hati yenye shaka huanza kutazamwa kama wezi. Lawama za mkanganyiko huu naziweka kwenye neno "safi". Linatufanya tudhani mkaguzi amefua nguo na kukuta haina doa. Kumbe alichopima ni kama vitabu vimeeleza hali ya fedha kwa ukweli, basi.

Tuchukue SACCOS ya kubuni ya walimu. Mali zake ni shilingi milioni 800, na nyingi ziko mikononi mwa wakopaji. Kabla ya kazi, mkaguzi huweka ukomo: kosa la kiasi gani lingempotosha mwanachama anayesoma hesabu hizi? Hapa tuseme milioni 16. Anaomba majalada ya mikopo. Ya milioni 45 hayaonekani. Hakuna mikataba, wadhamini hawajulikani. Anawaandikia wakopaji wathibitishe madeni yao, hawajibu.

Milioni 45 zimevuka ukomo, ila tatizo limebaki kwenye mikopo hiyo tu. Benki, hisa na akiba za wanachama vimethibitika. Mkaguzi anatoa hati yenye shaka, ambayo uzito wake wote uko kwenye neno moja: hesabu zinaonyesha hali halisi, *isipokuwa* kwa jambo lililoelezwa kwenye aya ya msingi wa maoni. Aya hiyo ndiyo ya kuanza nayo, kwa sababu ndiyo inayotaja kiasi na sababu. Lau yangekosekana majalada ya milioni 500, "isipokuwa" isingetosha. Angesema hawezi kutoa maoni kabisa.

Tafadhali angalia kwamba hajasema milioni 45 zimeibwa. Amesema hana ushahidi wa kutosha kuwa zipo.

Sasa tugeuze kisa. Majalada yote yapo, lakini wakopaji wa milioni 45 waliacha kulipa zamani na hawana dhamana, huku hesabu zikiendelea kuonyesha kwamba watalipa. Hilo ni kosa la hesabu, na meneja akikataa kulirekebisha, hati inakuwa yenye shaka vilevile. Akikubali, anaandika hasara ya milioni 45, faida ya mwaka inayeyuka, na mkaguzi anatoa hati safi. Fedha zimepotea, wanachama hawana gawio, na hati ni safi, tena kwa haki, maana vitabu vimekiri msiba.

Kwa hiyo mwenyekiti akisimama kwenye mkutano mkuu na kuinua hati safi juu, mpigieni makofi, kisha fungueni ukurasa wa mapato na matumizi mtafute mstari wa mikopo isiyolipika.