Kugawa Namba Katika Mafungu Mawili Yenye Jumla Sawa

Mizigo mitano ina uzito wa kilo 4, 5, 6, 7 na 8, na wapo wachukuzi wawili. Je, inaweza kugawanywa ili kila mmoja abebe uzito ule ule? Hesabu ya kwanza ni kutafuta jumla, ambayo hapa ni 30. Kama jumla ingekuwa witiri, jibu lingekuwa hapana papo hapo. Kwa kuwa ni shufwa, kila fungu lazima liwe na kilo 15, na swali linabadilika: je, kuna baadhi ya mizigo ambayo jumla yake ni 15 kamili? Ikipatikana, mizigo inayobaki nayo ni 15 bila kuhesabiwa tena.

Njia ambayo watu wengi huifikia haraka ni kuanza na mzigo mkubwa, na kila unaofuata kumpa mwenye uzito mdogo zaidi. Hapa njia hiyo inashindwa. Wa kwanza anapewa 8, wa pili 7 kisha 6, wa kwanza anaongezewa 5, na wote wanafikia 13. Mzigo wa kilo 4 unaharibu usawa: mmoja anabeba 17 na mwenzake 13. Hata hivyo mgawanyo sawa upo, kwa sababu 8 na 7 ni 15, na 4, 5 na 6 pia ni 15.

Njia ya uhakika ni kuweka jedwali lenye visanduku kuanzia 0 hadi 15. Kila kisanduku kinasema kama jumla hiyo inaweza kufikiwa au la. Mwanzoni 0 pekee ndiyo inayofikiwa, kwa kutochukua mzigo wowote. Baada ya mzigo wa 4, zinafikiwa 0 na 4. Baada ya 5, zinafikiwa 0, 4, 5 na 9. Mzigo wa 6 unaongeza 6, 10, 11 na 15, na jibu limepatikana.

Ili kuijua mizigo yenyewe, kila jumla iandikiwe mzigo ulioifikisha mara ya kwanza. Jumla ya 15 ilifikiwa kwa 6, ikabaki 9; hiyo ilifikiwa kwa 5, ikabaki 4; nayo ilifikiwa kwa mzigo wa 4.

Kosa linalotokea mara nyingi ni kujaza jedwali hilo moja kutoka kushoto kwenda kulia. Kisanduku kilichotiwa alama sasa hivi kinasomwa tena katika zamu ile ile, na mzigo mmoja unatumiwa mara nyingi. Namba 1 na 5 zinalifichua kosa hili. Jumla yake ni 6, nusu ni 3, na mgawanyo haupo. Programu yenye kosa itatumia 1 mara tatu na kujibu ndiyo. Dawa yake ni kuanza kwenye nusu na kushuka kuelekea 0.

Jedwali hilo linaweza kuhifadhiwa kama namba moja ya mfumo wa jozi, ambamo biti ya 9 ikiwa 1, jumla ya 9 inafikiwa. Kuongeza mzigo wa 5 ni kusogeza biti zote nafasi 5 kushoto, kisha kuunganisha namba mpya na ya zamani. `10001` inakuwa `1000110001`. Usogezaji hutumia namba ya zamani tu, hivyo kosa la kurudia mzigo halitokei. Katika Python:

```python
def sawa(mizigo):
    jumla = sum(mizigo)
    if jumla % 2:
        return False
    b = 1
    for x in mizigo:
        b |= b << x
    return (b >> (jumla // 2)) & 1 == 1
```

Kwa namba 100 zenye jumla ya 20,000, jedwali la kawaida huhitaji takriban hatua 1,000,000. Kompyuta inayoshughulikia biti 64 kwa pamoja hupunguza kazi hiyo kwa kiasi kikubwa.

Hata hivyo, kazi hukua kulingana na ukubwa wa jumla, si idadi ya namba pekee. Mwaka 1972 Richard Karp alilitia tatizo hili katika orodha yake ya matatizo 21 magumu, ambayo hadi leo hayajulikani kuwa na njia ya haraka kwa kila hali. Namba tano zenye thamani ya mabilioni zingedai jedwali kubwa kupita kiasi, ilhali michanganyiko yake yote ni 32 tu na inaweza kujaribiwa mmoja mmoja. Jedwali lifaa pale namba zinapokuwa nzima, zisizo hasi, na jumla yake si kubwa mno. Uzito wenye desimali ugeuzwe kwanza kuwa gramu.