Frigo imekufa: kutengeneza ao kununua mpya?

Umeme wa SNEL ukirudi na nguvu ya kupita kiasi, frigo inaweza kuungua. Kwanza fundi apime rele: kama ni yenyewe tu imekufa, itengenezwe, bei yake ni kidogo.

Kama ni kompresa, tupige hesabu. Tuseme mama mumoja wa komine ya Kenya ana frigo ya miaka 8. Fundi anaomba dola 90. Mpya ni dola 240. Tisini inaonekana nafuu. Lakini frigo ile nzee ikimutumikia miaka 2 tu, kila mwaka ni dola 45. Mpya ikidumu miaka 8, ni dola 30. Basi anunue mpya, pamoja na stabilizateri, isiungue tena.