Barua ya Kazi Inapopita Mapokezi

Tuseme kuna kiwanda cha kusindika sangara pembezoni mwa jiji la Mwanza. Tovuti yake ina picha za minofu, vyeti vya ubora, S.L.P., namba ya simu ya mezani na anwani moja tu ya barua pepe, inayoanza na info@. Jina la mtu halipo, na tangazo la kazi halipo. Fundi majokofu anayetafuta kazi anajua fika kwamba kiwanda cha namna hiyo hakiwezi kukaa hata siku moja bila baridi, lakini hajui amwandikie nani.

Wengi wakifika hapo hukata tamaa. Wengine huandika kichwa "MAOMBI YA KAZI", wakaambatisha picha saba za vyeti walizopiga kwa simu, wakatuma na kusubiri. Wiki zinapita, kimya. Mwombaji huamini kwamba kampuni imemkataa, kumbe mara nyingi hakuna mwenye uamuzi aliyewahi kuiona barua yake.

Waliofundishwa barua rasmi shuleni watakumbuka mpangilio wake: anwani mbili, tarehe, cheo cha mpokeaji, kisha "Yah:" na kichwa cha habari. Mpangilio huo ulikuwa na kazi. Barua ilipofika ofisini ilipitia masijala, ikagongwa mhuri wa kupokelewa, ikaandikwa kwenye rejesta na kuwekwa kwenye jalada lililopelekwa kwa mhusika. Alikuwepo mtu aliyelipwa kujua barua ipi inakwenda meza ipi, na akikosea, rejesta ilionyesha.

Sanduku la info@ lilizaliwa kwa kazi nyingine. Mei 1997 wataalamu wa mtandao walitoa waraka unaoitwa RFC 2142, uliopendekeza majina ya masanduku ambayo kila taasisi ingeyatumia ili watu wasibahatishe. Upande wa biashara ulitaja info kwa maelezo kuhusu taasisi na bidhaa zake, sales kwa mauzo, marketing kwa masoko na support kwa huduma kwa wateja. Sanduku la ajira halikutajwa kabisa. Kampuni nyingi ndogo na za kati zilifungua hilo la kwanza na kuishia hapo, kwa hiyo kila kitu humiminikia humo: maombi ya bei, ankara, malalamiko, mialiko ya semina, matangazo ya wauza mashine na barua za matapeli.

Anayelifungua aghalabu ni mtu wa mapokezi, katibu muhtasi au kijana wa huduma kwa wateja, katikati ya kupokea simu na wageni. Hana mamlaka ya kuajiri, na pengine hajui kama idara yoyote ina upungufu wa watu. Anachoweza kufanya ni kimoja kati ya vitatu: kufuta, kuacha, au kubonyeza Sambaza na kuchagua jina la mwenzake. Ili abonyeze, anahitaji kujua upesi barua ni ya idara gani, kwamba aliyeiandika ni mtu wa kweli, na kwamba mkubwa wake hatamuuliza, "Hii umeniletea ya nini?"

Kwa hiyo barua ya namna hii ina wasomaji wawili. Wa kwanza ni anayeipitisha, wa pili ni anayeamua. Nyingi hushindwa kwa sababu zimeandikwa kwa wa pili peke yake.

Hatua ya mwanzo ni kujua wa pili ni nani kwa cheo, hata kama jina halipatikani. Kwa kazi ya ufundi, haja huanza kwa anayesimamia mashine. Yeye ndiye anayejua kwamba fundi wa zamu ya usiku anaacha kazi mwezi ujao, na Rasilimali Watu hupata habari baadaye, akishapeleka ombi. Katika kampuni ya watu kumi na tano huenda hakuna afisa utumishi kabisa, na anayeajiri ni mwenye kampuni au mhasibu wake. Njia nyepesi ya kujua ni ile simu ya mezani. Fundi wetu anapiga saa nne asubuhi, pilikapilika za kufungua ofisi zikiwa zimetulia:

"Habari za kazi, dada."

"Nzuri, karibu."

"Asante. Mimi ni fundi majokofu, nataka kutuma maombi kwa barua pepe. Naomba kuuliza, maombi ya mafundi kwenu anapokea nani?"

"Tuma tu kwenye info, tutayaona."

"Sawa, dada. Nikiandika 'Kwa Msimamizi wa Matengenezo' yatamfikia?"

"Hapa tunamwita Mhandisi Mkuu. Andika hivyo, nitampelekea."

Hakuomba jina wala namba ya mkononi ya mtu, vitu ambavyo mapokezi wengi wamekatazwa kutoa. Ameomba cheo, na amepata zaidi ya cheo: mtu wa kwanza sasa anaisubiri barua yake.

Barua yenyewe hujengwa kuanzia kichwa. "Maombi ya kazi" haimwambii mpokeaji aipeleke wapi. Isitoshe, skrini ya simu hukata kichwa kirefu, kwa hiyo lenye uzito litangulie: "Kwa Mhandisi Mkuu: fundi majokofu ya amonia, Mwanza". Kichwa hicho kinataja meza, ujuzi na mahali alipo mtu, na mapokezi anaweza kuisambaza kabla hata hajaifungua. Ndani, barua inaweza kuwa hivi:

"Kwa anayepokea: naomba barua hii imfikie Mhandisi Mkuu, au Afisa Rasilimali Watu kama ndiye anayepokea maombi ya mafundi. Asante.

Ndugu Mhandisi Mkuu,

Mimi ni fundi majokofu mwenye cheti cha VETA. Kwa miaka mitatu nimefanya kazi katika kiwanda cha barafu, ambako nilihudumia kompresa na pampu za mtambo wa amonia katika zamu ya usiku. Naishi Nyakato na naweza kuanza kazi ndani ya wiki mbili. Naomba kujua kama idara yako inatarajia kuhitaji fundi, hata wa kujazia zamu wakati wa likizo. Wasifu wangu wa kurasa mbili nimeuambatisha."

Chini yake yanafuata jina kamili, namba ya simu na anwani ya barua pepe.

Sentensi ya kwanza ni ya mapokezi peke yake. Inampa pia njia ya pili, endapo Mhandisi Mkuu hapokei maombi moja kwa moja. Zinazofuata ni za Mhandisi, na neno lenye uzito kuliko yote humo ni amonia. Gesi hiyo ni sumu, na mtambo wake hauachiwi fundi aliyezoea friji za nyumbani. Mhandisi akiliona neno hilo anajua anazungumza na mtu wa aina gani. Ombi nalo ni dogo na linajibika kwa mstari mmoja: mnatarajia kuhitaji, au hamtarajii? Kama tovuti na matangazo ya kampuni ni ya Kiingereza kitupu, barua iandikwe Kiingereza kwa mpangilio uleule.

Kuna jambo dogo ambalo waombaji wengi hawalifikirii. Barua ikishasambazwa, mtumaji wake anayeonekana ni mapokezi. Mhandisi akibonyeza Jibu, jibu linarudi kwa mapokezi, wala haliendi kwa fundi. Ndiyo maana simu na anwani lazima ziwe ndani ya barua yenyewe, na zirudiwe kwenye wasifu, maana wapo wanaochapa kiambatisho na kuiacha barua. Faili nalo liitwe kwa jina la mwombaji na fani yake. Likiitwa "CV mpya 2.pdf" na kuhifadhiwa kwenye kompyuta ya kiwanda, litapotelea katikati ya mengine yenye jina hilohilo.

Kiambatisho kimoja cha PDF kinatosha. Gmail hairuhusu barua yenye viambatisho vya zaidi ya MB 25, na seva za kampuni nyingine zina kikomo cha chini zaidi, kwa hiyo picha saba za vyeti zinaweza kuizuia barua njiani. Nakala za vyeti na kitambulisho cha NIDA zisubiri mpaka ziombwe na mtu anayejulikana. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya 2019, lakini sheria haizuii watu watano wanaotumia sanduku moja kuona kilichotumwa humo kwa hiari. Kosa jingine ni kutuma barua moja kwa kampuni arobaini kwa pamoja kupitia Bcc. Mpokeaji haoni anwani yake mahali pa mpokeaji, na barua ya namna hiyo iko katika hatari kubwa ya kuangukia kwenye barua taka.

Baada ya kutuma, kinachorudi kinasomeka. Ujumbe wa Mail Delivery Subsystem wenye namba 5.1.1 unamaanisha anwani hiyo haipo, na 5.2.2 unamaanisha sanduku limejaa. Hayo mawili si kukataliwa, na dawa yake ni kupiga simu tena. Jibu la papo hapo lenye namba ya kumbukumbu ni la mashine, halionyeshi kwamba mtu amesoma. Namba hiyo ibaki kwenye kichwa kila anapoandika tena, maana mfumo huitumia kuunganisha barua zake. Kukiwa kimya kwa wiki moja hivi, anaijibu barua yake mwenyewe ya awali kwa mstari mmoja, ili ya kwanza ionekane chini yake. Wiki nyingine ikipita bila jibu, anapiga simu mara moja kumuuliza yule dada kama ilipelekwa. Zaidi ya hapo ni usumbufu.

Zipo sehemu ambako njia hii haifiki. Ajira za utumishi wa umma Tanzania zinazosimamiwa na Sekretarieti ya Ajira huombwa kupitia Ajira Portal, na barua iliyotumwa kwenye anwani ya jumla ya wizara haiwezi kuchukua nafasi ya ombi la humo. Kampuni kubwa zenye mfumo wao wa maombi nazo humrudishia mwombaji kiungo cha kujisajili, na hapo afuate kiungo. Lakini jibu likitoka kwenye anwani isiyo na jina la tovuti ya kampuni, likitaka pesa ya fomu, ya usaili au ya vipimo, apige ile namba ya mezani na kuuliza kabla ya kulipa chochote.

Kabla ya kuituma barua ya kweli, mtumie kwanza rafiki. Mwombe aisambaze kwa rafiki mwingine, na huyo wa pili aifungue kwenye simu yake. Kama hawezi kusema wewe ni fundi wa nini, barua ni ya meza ipi na utapatikana kwa namba gani, irekebishe kwanza.