Kuteleza kwa Ulimi na Hatua za Kuunda Sentensi: Mfano wa Kiswahili cha Luberizi

Mtu aliyekusudia kusema "mtoto amevunja kikombe" akasema "kikombe kimevunja mtoto" huchekwa, hujisahihisha, na mazungumzo huendelea. Kwa mwanaisimu, hata hivyo, swali la kuvutia halihusu maneno mawili yaliyobadilishana nafasi, bali kile kiambishi kidogo "ki-" kilichojitokeza mwanzoni mwa kitenzi. Msemaji hakukikusudia. Katika sentensi aliyoitaka mlikuwa na "a-" ya mtoto. Kiambishi hicho kimetoka wapi, na kiliingia lini? Anayeweza kujibu swali hili amekwisha kusema jambo la msingi kuhusu jinsi sentensi inavyoundwa kabla haijafika mdomoni.

Makala haya yanakusudia kuonesha namna makosa ya aina hii yanavyotumika kama ushahidi wa hatua za kuunda sentensi, na kwa nini ushahidi huo unahitaji uangalifu wa pekee katika mahali kama Luberizi, kwenye uwanda wa Ruzizi, kusini mwa Bukavu. Mifano yote ya sentensi iliyomo humu imetungwa kwa ajili ya ufafanuzi.

Uchunguzi wa kuteleza kwa ulimi si jambo jipya. Mwaka 1895, mwanaisimu Rudolf Meringer na tabibu Karl Mayer walichapisha huko Stuttgart mkusanyo mkubwa wa makosa ya usemi wa Kijerumani. Miaka michache baadaye Sigmund Freud aliyachukua makosa hayo na kuyaeleza kwa matamanio yaliyofichika ya msemaji. Maelezo ya Freud yamependwa sana na watu, lakini hayamsaidii mwanaisimu, kwa kuwa yanauliza kwa nini neno hili likatoka badala ya lile, na hayaulizi kosa limetokea katika hatua ipi. Swali hilo la pili lilipewa uzito na Victoria Fromkin katika makala yake ya mwaka 1971, kisha na Merrill Garrett mwaka 1975.

Garrett aligundua kwamba makosa ya kubadilishana hayafanani. Maneno mazima yanapobadilishana, kwa kawaida huwa ya aina moja, nomino kwa nomino au kitenzi kwa kitenzi, na mara nyingi hutoka katika virai viwili vilivyo mbali kidogo. Sauti zinapobadilishana, mambo hugeuka: maneno yanayohusika huwa jirani katika kirai kimoja, na aina zake hazijali. Anayetaka kusema "pika samaki" akasema "sika pamaki" amebadilishanisha sauti ya kwanza ya kitenzi na ile ya nomino, maneno mawili yanayofuatana. Kama makosa yote yangetokea mahali pamoja akilini, tofauti hii isingekuwapo. Kwa hiyo Garrett alipendekeza kwamba, baada ya ujumbe kukamilika, kuna hatua ambamo maneno hupewa dhima zake, nani anatenda na nini kinatendwa, na mpangilio wa sauti bado haujafikiwa. Baada yake huja hatua nyingine ambamo kiunzi cha sentensi hupangwa nafasi kwa nafasi na sauti za maneno kujazwa ndani yake. Neno hupotea njia katika hatua ya kwanza, sauti katika ya pili.

Ushahidi mwingi ulioijenga nadharia hii ulitoka katika Kiingereza, lugha yenye viambishi vichache. Kiswahili kina upatanisho wa kisarufi unaotapakaa katika sentensi nzima, na hapo ndipo kinapoweza kuuliza maswali ambayo Kiingereza hakina njia ya kuyauliza. Ichukuliwe sentensi "mti mrefu na nyumba kubwa". Msemaji anateleza na kusema "mti mkubwa na nyumba ndefu". Kwa haraka haraka inaonekana vivumishi viwili vimebadilishana, na mtu angeliacha jambo hapo. Lakini kama maneno yaliyokwisha kuundwa ndiyo yangebadilishana, matokeo yangekuwa "mti kubwa na nyumba mrefu". Hayo siyo yaliyosikika. Kilichohama ni mizizi mitupu, "-refu" na "-kubwa". Kiambishi "m-" kimebaki mahali pake karibu na mti, kikapokea mzizi mgeni. Upande wa nyumba jambo ni zito zaidi: nazali ya ngeli ya nyumba imekutana na "-refu", na "r" ikageuka "d" kama kanuni ya Kiswahili inavyotaka. Umbo "ndefu" halikuwamo kabisa katika sentensi iliyokusudiwa. Limezaliwa baada ya kosa. Kwa hiyo kanuni ya kugeuza "r" kuwa "d" hufanya kazi baadaye kuliko hatua ambamo mizizi ilipotea njia, nayo hufanya kazi kwa uaminifu ule ule juu ya mzizi uliokosewa. Ulimi umekosea neno, lakini sarufi haikukosea.

Sasa inawezekana kurudi kwenye mtoto na kikombe. Ikiwa nomino hubadilishana katika hatua ya dhima, kabla upatanisho haujafanyika, kitenzi kitafuata nomino iliyokaa katika nafasi ya kiima, hata kama imekaa hapo kwa makosa, na itasikika "kikombe kimevunja mtoto". Ikiwa nomino hubadilishana baadaye, kitenzi kitakuwa kimekwisha kupokea "a-" ya mtoto, na itasikika "kikombe amevunja mtoto". Sentensi mbili, hatua mbili. Msikilizaji anayeandika tu kwamba "nomino zimebadilishana" ametupa sehemu ya ushahidi iliyo na thamani kuliko zote.

Hapa ndipo Luberizi inapoingia, na ndipo mtafiti aliyefundishwa kwa vitabu vya Kiswahili sanifu anapoweza kuharibu kazi yake mwenyewe. Katika Kiswahili cha Kivu, vitu visivyo na uhai, vikiwa katika umoja, mara nyingi hupatanishwa kwa "i-" pasipo kujali ngeli: husemwa "kikombe ilianguka", "kitabu yangu". Wingi wa watu huchukua "ba-", kama katika "batoto", na "vi-" husikika kama "bi-". Hayo siyo makosa ya ulimi. Msemaji akirudishiwa sauti yake hatashangaa wala hatajisahihisha, kwa sababu ndivyo anavyosema yeye, jirani yake na watu wa soko zima. Ni kanuni.

Basi itokee kwamba mtu wa Luberizi, akikusudia kusema mtoto amevunja kikombe, atamke "kikombe imevunja mutoto". Mwenye macho ya sanifu ataandika makosa mawili: nomino zimebadilishana, na tena upatanisho umevunjika, kwani palistahili "ki-". Kutokana na hesabu hiyo atahitimisha kwamba upatanisho haukufuata kosa, na kwamba nomino zilibadilishana katika hatua ya baadaye. Hitimisho hilo ni kinyume cha ukweli. Kosa ni moja tu. Msemaji ametoka kwenye "a-" ya kiumbe hai akaenda kwenye "i-" ya kitu, ambayo ndiyo upatanisho sahihi wa kikombe katika lugha yake. Upatanisho umefuata nomino iliyopotea, kama ulivyofuata katika "kimevunja" ya msemaji wa pwani. Kipimo kimebaki kile kile. Kilichobadilika ni umbo la kusikilizwa. Ambacho kingeonesha kinyume, Luberizi kama Unguja, ni "kikombe amevunja".

Si vipimo vyote vinavyovuka mipaka kwa urahisi huo. Kile cha "mti mkubwa na nyumba ndefu" hakimfai msemaji ambaye siku zote husema "nyumba murefu", kwa kuwa kwake hakuna badiliko la "r" na "d" la kutegwa sikio. Hivyo sarufi ya kawaida ya msemaji lazima ijulikane kwanza, ndipo makosa yake yahesabiwe. Lugha ya kwanza nayo iandikwe. Katika uwanda wa Ruzizi Kiswahili hukutana na Kifuliru, Kirundi na Kinyamulenge, na mtu ambaye lugha yake ya kwanza haitofautishi "l" na "r" akisema "kurara" badala ya "kulala" hajateleza. Hiyo ni lafudhi, na kesho atasema vivyo hivyo. Neno la Kifuliru lililoingizwa kwa makusudi katikati ya sentensi ya Kiswahili nalo halina nafasi katika daftari hili.

Alama inayoaminika kuliko nyingine ni msemaji mwenyewe. Akisimama, akasema "hapana" na kurudia, amethibitisha kwamba alichotamka sicho alichokusudia. Kwa bahati mbaya si kila kosa husahihishwa, na hapo mtafiti hulazimika kuuliza papo hapo ulitaka kusema nini, kabla kumbukumbu haijafutika. Kila ingizo liwe na kilichokusudiwa, kilichotamkwa silabi kwa silabi, mazungumzo yaliyotangulia, na sahihisho kama lilikuwapo. Ukiandika jioni yale uliyoyasikia asubuhi, viambishi vitakuwa vimekwisha kunyoshwa na kumbukumbu yako.

Sikio lenyewe halina uadilifu. Msikilizaji hutafuta maana, na kosa dogo la sauti humpita bila kuonekana, ilhali kikombe kinachovunja mtoto humgutusha. Ndiyo maana idadi za makosa zilizokusanywa kwa sikio haziwezi kuthibitisha kwamba aina moja hutokea zaidi ya nyingine. Kinachobaki imara ni umbo la kosa lenyewe: kilichohama, kilichobaki, na kilichojirekebisha.

Hata hivyo, mtu asidhani kwamba hatua hizi zimetenganishwa kwa ukuta. Mwaka 1975 Bernard Baars, Michael Motley na Donald MacKay walionesha katika jaribio kwamba sauti hubadilishana kwa urahisi zaidi pale matokeo yanapokuwa maneno halisi. Kwa mizani hiyo, "lima pamba" ingetarajiwa kugeuka "pima lamba" kwa wepesi zaidi kuliko "pika samaki" kugeuka "sika pamaki". Kama hatua ya sauti haijui lolote kuhusu maneno, inatambuaje kwamba "pima" na "lamba" ni maneno? Gary Dell alijibu mwaka 1986 kwamba sauti hurudisha nguvu juu kwenye maneno, hivyo hatua husaidiana kwa pande zote mbili. Willem Levelt, katika kitabu chake cha mwaka 1989, alishikilia kwamba mwendo ni wa upande mmoja, ila msemaji hujisikiliza ndani kabla ya kutamka na huwahi kuzuia upuuzi kama "sika" kuliko neno linalofanana na maneno mengine. Hoja ya Levelt inaeleza vizuri namna tunavyojisahihisha, lakini ya Dell inaeleza kwa wepesi zaidi kwa nini maneno mawili yaliyobadilishana mara nyingi hufanana pia kwa sauti.

Mjadala huo haujamalizwa na Kiingereza wala Kijerumani, na mizizi ya Kiswahili inayohama huku viambishi vikibaki inaweza kuongeza neno ndani yake. Jozi moja ingefaa kutegewa sikio kwanza, kwa kuwa hapa "bi-" ya Kivu hufanya kazi sawasawa na "vi-" ya sanifu. Msemaji anakusudia "weka bikombe juu ya kiti". Akisema "weka kiti juu ya bikombe", nomino zimehama pamoja na idadi zake. Akisema "weka biti juu ya kikombe", mizizi peke yake ndiyo iliyohama, na wingi umebaki ukiingoja nafasi yake.