Majibu matatu ya z³ = −8

Katika mtihani wa Hisabati ya Juu wa kidato cha sita, wapo wanaoandika z = −2 na kuishia hapo, kumbe majibu ni matatu.

Chora mchoro wa Argand. Namba −8 iko kushoto ya kitovu: umbali wake, yaani moduli, ni 8, na pembe yake, agumenti, ni 180°. Kipeuo cha tatu cha 8 ni 2. Ukigawa pembe kwa 3 unapata 60°. Lakini mzunguko mzima wa 360° haubadilishi nukta, kwa hiyo 540° na 900° nazo zinagawanywa: 180° na 300°.

Nukta hizo zinaunda pembetatu yenye pande sawa. Ya 60° ni 1 + i√3. Ihakiki: mraba wake ni −2 + 2i√3, ukizidisha tena kwa 1 + i√3, sehemu zenye i zinafutana, inabaki −8.