Suti Nyepesi Kuliko Sampuli

Suti niliyoichukua kwa fundi wangu Kariakoo ilinikaa vizuri mabegani. Lakini nilipoinua suruali dirishani, mfuko wa ndani ulionekana kama kivuli. Sampuli tuliyokubaliana haikupitisha mwanga hivyo.

Sampuli hiyo, pana kama kiganja, nilikuwa nimeibana kwa pini kwenye risiti. Fundi naye alinirudishia mabaki ya kitambaa kwa ajili ya viraka. Nikayalinganisha kwanza na upande wa ndani wa pindo la suruali, nihakikishe ni kitu kimoja. Kisha nikakata vipande viwili, sampuli na mabaki, kila kimoja sentimita 10 kwa 10, nikampelekea sonara avipime. Sampuli gramu 2.8, mabaki 2.1. Ukizidisha kwa 100 unapata uzito wa mita moja ya mraba: gramu 280 na 210. Kitambaa cha gramu 210 si kibovu, na kwa joto la Dar es Salaam wapo wanaokipenda. Ila sicho nilicholipia.

Nikamwandikia:

“Fundi, shikamoo. Mshono wa suti ni mzuri, sina neno nao. Tatizo ni kitambaa. Sampuli tuliyokubaliana ina gramu 280 kwa mita ya mraba. Kilichoshonwa kina 210. Vipande vyote viwili ninavyo, nitakuja navyo. Suti sijaivaa wala kuifua. Naomba unishonee nyingine kwa kitambaa cha sampuli, kwa vipimo vilevile, bila kuongeza malipo. Kama hakipatikani, tukubaliane kwanza kiasi cha kunirudishia kabla hujakata kitambaa kingine.”

Sikuomba arekebishe ile ile, kwa sababu wembamba hauna marekebisho. Bitana nzito au gamu huweza kulikaza koti kidogo, lakini suruali itabaki nyepesi na kujikunja magotini. Kumsifia mshono hakukuwa kumpamba: ndiyo kweli, tena kulitenga kosa na kazi ya mikono yake.

Kutovaa nako kuna sababu. Sheria ya Tanzania ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 214, inataka kinachouzwa kwa sampuli kilingane nayo kwa ubora. Lakini ukishakitumia kama chako, unaweza kuhesabiwa umekipokea, na haki ya kukikataa ikakutoka. Ningeivaa harusini siku moja tu, barua ingepoteza nguvu yake.

Fundi aliisoma amesimama, akaweka vile vipande viwili juu ya meza ya kukatia, akavisugua kwa dole gumba. Tukaenda wote dukani alikonunua. Muuzaji akashusha majora mawili ya rangi moja, moja zito, jingine jepesi, yamelaliana kwenye rafu ileile. Fundi hakuwa na sampuli mkononi siku aliyonunua. Nilikuwa nayo mimi, nyumbani, kwenye risiti. Safari hii tulikata kipande kabla ya kulipa, nusu akachukua yeye, nusu nikabaki nayo.